Safu kwa safu au jozi kwa jozi?

Anayenakili picha ya ankara ya maji anaweza kuandika safu nzima ya majina na kisha safu ya tarakimu, au kuandika kila jina pamoja na thamani yake. Njia ya kwanza ni ya haraka, lakini kisanduku cha "Deni la nyuma" kikiwa kitupu, tarakimu zote za chini yake hupanda nafasi moja, na tozo ya huduma ikasomeka kama deni. Mimi huchagua jozi: "Usomaji uliopita: 412, usomaji wa sasa: 431, matumizi: yuniti 19, deni la nyuma: tupu." Kwa kuwa 431 kutoa 412 ni 19, usomaji umekaa mahali pake; lakini namba ya akaunti, isiyo na hesabu ya kuithibitisha, mimi huikagua tarakimu kwa tarakimu, nisije nikaichanganya na namba ya mita.