Vichujio vya sirinji vilivyomeza kwesetini yangu

Kuna duka la vifaa vya maabara hapa Dar es Salaam limeniuzia vichujio vya nailoni likiviita vya selulosi, na nilipokwenda kulalamika nikajibiwa jeuri. Jina nalihifadhi. Hasira siihifadhi.

Niliagiza RC, yaani utando wa selulosi, tundu za mikromita 0.45, kipenyo milimita 13. Vikaja vimemwagwa kwenye mfuko wa plastiki, juu pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "RC 0.45". Kazi yangu ilikuwa kupima kwesetini, kemikali ya asili ya mimea, kwenye majani ya mlonge. Majani unayachemsha kwenye methanoli yenye asidi ili sukari zilizoshikana na kwesetini zing'oke, unazimua kwa maji, unachuja, ndipo unaingiza kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali na kupima kila moja.

Standadi, yaani miyeyusho ya kwesetini ya kiwango ninachokijua, ambazo hazipiti kwenye chujio, zilinipa mstari ulionyooka vizuri kabisa. Majani yakatoka na kwesetini kiduchu. Kilichonishtua zaidi ni kwamba sampuli niliyoizimua sana ndiyo iliyopungua sana, hata baada ya kuzidisha kurudisha hesabu ya kuzimua. Mashine ikichoka hupunguza zote kwa uwiano uleule. Ukiona kitu kinapotea zaidi pale kilipo kichache, ujue kuna mahali kinanata, na nafasi za kunatia hapo zina kikomo: kikiwa kingi zinajaa na kinachobaki kinapita, kikiwa kichache kinaishia humo.

Nikatengeneza standadi ya miligramu 5 kwa lita, methanoli asilimia 30, iliyobaki maji yenye asidi kidogo. Sehemu moja niliipitisha kwenye sentrifuji tu, bila chujio, nikaifanya ndiyo 100. Nyingine niliisukuma kwenye chujio kimoja na kukinga kila mililita kwenye kichupa chake cha kioo. Mililita ya kwanza ilinipa 58, ya pili 79, ya tatu 90, ya tano 97. Namba zinazopanda ngazi namna hiyo ni utando unaoshiba taratibu. Nikakiinua kile chujio kwenye mwanga, na ukingoni pameandikwa kwa herufi ndogo: NY.

Nailoni ni poliamidi. Amidi zake na haidroksili za kwesetini hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, na maji yakiwa mengi kuliko methanoli ndivyo zinavyozidi kushikana. Wanakemia hutumia poliamidi hiyohiyo makusudi kunasa tanini na jamaa zake.

Nikarudi dukani na kile chujio mkononi. Kijana hata hakukitazama. "Dada, chujio ni chujio. Kama unataka safi zaidi chukua 0.22." Hapo ndipo damu ilinichemka. Ukubwa wa tundu unachaguliwa kwa kolamu, ule mrija wa HPLC uliojazwa punje: yangu ina punje za mikromita 5, na 0.45 inatosha kuilinda. 0.22 ni ya kolamu zenye punje ndogo kuliko mikromita 2. Maji ya mlonge yanaziba 0.22 mapema, unaanza kusukuma kwa nguvu, utando unapasuka, na uchafu unaingia kwenye kichupa bila wewe kujua. Na hata isipopasuka, nailoni yenye tundu ndogo bado ni nailoni.

Mwenzake akanishauri nimwage mililita za mwanzo. Ushauri huo ni mzuri pale unapokuwa na chupa nzima ya kumwaga. Mimi nina mililita 2 za kila sampuli, na kwa namba zile ningemwaga zote kabla utando haujashiba. Akanipa cha milimita 25 "kinachopitisha haraka". Kile kina eneo karibu mara nne ya cha 13, kwa hiyo na pa kunatia ni pengi zaidi.

Maabara ya jirani waliniazima RC halisi. Jaribio lilelile: mililita ya kwanza 96, ya pili 99. Sasa namwaga nusu mililita ya kwanza na kukinga inayofuata, na kila pakiti mpya inapita kwanza kwenye jaribio hili, kwa kiwango cha chini kabisa nitakachopima. Ukijaribu kwa standadi nzito, nailoni itakudanganya kwamba haina neno.

Nilitaka kutoa nyota moja. Halafu nikapitisha kafeini ya chai kwenye vilevile vya NY na haikupungua hata kidogo, kwa hiyo kama vichujio sivitukani. Vingeandikwa jina lake vingestahili tatu, pengine nne. Lakini karatasi ilisema RC, fedha yangu hawakurudisha, na majani yaliyovunwa kwa ajili ya kazi ile yamekwisha. Ni nyota moja, na hiyo ni kwa sababu hakuna sifuri.