TAHADHARI: V8 ya harusi inayoonyeshwa dashibodi na mishono ya siti tu

Ndugu zangu wa Dar, hasa mlio kwenye kamati za harusi: kuna ukurasa wa Instagram unatangaza Land Cruiser V8 nyeupe ya kukodi, eti ipo Mbezi Beach, laki nne kwa siku pamoja na dereva. Picha zake zote ni za ndani. Kuna usukani, kipande cha dashibodi, na siti za ngozi ya kahawia zilizopigwa kwa karibu mpaka unahesabu tundu za sindano. Picha ya gari kutoka nje hakuna hata moja. Usitume hela huko.

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilituma. Walianza na laki mbili za kushika tarehe, na wiki ya harusi ilipofika wakaombwa laki moja nyingine ya mafuta na mapambo. Ijumaa jioni simu ikawa haipatikani. Bwana harusi alikwenda kanisani na gari ya mjomba wake, na shughuli ilifana, ila laki tatu ya michango ya watu ndiyo imekwenda hivyo.

Mimi ni fundi wa siti, nashona Kinondoni. Binamu yangu aliponitumia zile picha nilianza kuangalia mishono, maana ndiyo kazi yangu, na mishono ndiyo iliyoniambia kwanza kwamba picha ina walakini. Ubavuni mwa egemeo la siti ya mbele, kwenye gari zenye begi la hewa la pembeni, kiwanda hushonea kijilebo kidogo chenye maandishi SRS AIRBAG. Jirani na hapo mshono hutengenezwa makusudi uwe dhaifu, ili begi likipasuka litoke nje. (Ndiyo maana mtu akitaka siti cava ya kubana, fundi anayejua kazi haufungi ubavu huo kwa uzi mgumu.) Nikaikuza picha. Kijilebo kipo, ila herufi zimekaa kinyumenyume, G ikiwa mwanzo na S mwisho, kila moja ikitazama upande usio wake.

Maana yake picha imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Na sababu ya kugeuza ni moja tu: gari iliyopigwa picha ina usukani wa kushoto, kama zile za Dubai. Sisi huku tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani unakuwa kulia, na mteja wa Dar akiona usukani wa kushoto kwenye V8 ya harusi lazima aulize. Kwa hiyo tapeli anaigeuza, usukani unahamia kulia, na hakuna anayeshtuka. Nembo ya Toyota katikati ya usukani nayo inamsaidia, kwa sababu iko sawa pande zote mbili. Hata ukiigeuza haibadiliki.

Ila kuna vitu havikubali kugeuzwa. Cha kwanza ni pedeli. Kwenye gari yoyote ya kawaida, usukani uwe kulia au kushoto, pedeli ya mafuta iko kulia na ya breki iko kushoto kwake. Hiyo haibadiliki hata gari ikitengenezwa kwa nchi gani. Kwenye picha ya pili ya tangazo hilo, chini kabisa gizani, pedeli zinaonekana: ile nyembamba ndefu ya mafuta iko kushoto, ile pana ya breki iko kulia. Gari ya namna hiyo hakuna mtu anayeiendesha.

Cha pili ni mshale wa spidi. Gari ikiwa imezimwa, mshale hulala kwenye sifuri, chini upande wa kushoto, na namba hupanda kuelekea kulia. Picha ikigeuzwa, mshale unalala chini kulia. Tapeli wetu analijua hili, ndiyo maana eneo lote la spidi kalifunika kwa mng'ao wa jua. Ukiona dashibodi nzima imetoka safi halafu sehemu ya namba peke yake ndiyo imeungua kwa mwanga, hapo kuza picha. Angalia pia vitufe vya usukani na vya kiyoyozi, kwa sababu neno dogo kama MODE au AUTO likigeuka linaonekana.

Mkiwa na shaka, fanyeni nilivyofanya. Fungua picha kwenye galari ya simu, nenda sehemu ya kuhariri, igeuze kushoto kwenda kulia, kisha ndiyo uitafute kwa Google Lens. Nilipoitafuta kabla ya kuigeuza sikupata kitu cha maana. Baada ya kuigeuza, likatokea tangazo la muuza magari wa Dubai: gari ileile, ngozi ileile, hata mkunjo mdogo kwenye kona ya siti ya dereva ni uleule. Gari haijawahi kukanyaga Mbezi Beach.

Sasa tusiwaonee watu. Wapo wakodishaji wa kweli wanaopiga dashibodi na mishono kwa karibu, kwa sababu mteja wa harusi anataka kujua ndani kukoje, na wengine hawapendi namba za gari zao zizagae mtandaoni. Picha ya karibu peke yake si ushahidi wa utapeli. Kinachomtofautisha mtu ni atakavyofanya ukimwomba kitu kimoja: video fupi isiyokatwa, aanzie kwenye dashibodi gari ikiwa imewashwa na kilomita zinasomeka, ashuke, azunguke mpaka kwenye namba ya gari. Mwenye gari atamaliza hilo ndani ya dakika moja. Huyu wa kwetu alijibu, "Gari ipo kwa mteja, boss, ikirudi nakutumia," akasema hivyo wiki nzima.

Ukishapata namba ya gari, iingize tiramis.tira.go.tz uone kama bima yake iko hai. Hilo litakusaidia pia siku ya safari, maana gari ya kukodi isiyo na bima ni balaa lako wewe uliyepanda. Lakini namba bila video haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kunakili namba ya gari yoyote iliyopaki Mlimani City. Na kama mnaweza kwenda kuiona gari yenyewe, nendeni. Mbezi Beach si mbali kiasi cha kuogopa foleni kwa ajili ya laki mbili.

Jambo la mwisho ni jina. Unapotuma hela kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri linatokea jina la mpokeaji. Kamati waliona jina la mtu binafsi lisilofanana na la aliyekuwa akiongea nao, wakaambiwa ni mhasibu wa ofisi. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu baada ya namba ya siri hela haiko mikononi mwako tena.

Kwa aliyekwisha kutuma: piga mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wako waombe kuizuia hela kabla haijatolewa, halafu nenda kituo cha polisi ukachukue RB, ukiwa na ujumbe wa muamala na skrinshoti za mazungumzo. Ujumbe wa kitapeli utume pia 15040. Skrinshoti zipigwe leo, kwa sababu ukurasa huo umeshabadilisha jina tangu Jumapili, na V8 imefutwa. Sasa hivi wanatangaza Alphard, na picha zake ni za siti tu.