Wimbo wa Jedwali la Kuzidisha: Saba Imetufaa, Nane Imetuponza

Nilinunua wimbo huu miezi kadhaa iliyopita katika duka la vifaa vya shule, ukiwa ndani ya memori kadi pamoja na nyimbo nyingine za watoto, kwa sababu binti yangu wa darasa la tatu alikuwa akilia kila alipofika kwenye tebo ya saba. Kuanzia mbili hadi sita wimbo unakwenda polepole, nami sina la kusema juu ya sehemu hiyo. Ukifika saba na nane ngoma inabadilika, mdundo unaanza kurukaruka, na hapo ndipo mtoto anaposimama na kucheza. Malalamiko yangu yako katika nane, tena katika mstari mmoja tu, lakini mstari huo umetugharimu machozi mengi.

Katika saba, waimbaji wanataja swali lote: "saba mara nane," ngoma inanyamaza pigo moja, kisha jibu linakuja, "hamsini na sita." Katika nane wameliacha swali, nadhani ili mdundo uende kasi, na wanaimba majibu peke yake: nane, kumi na sita, ishirini na nne, thelathini na mbili. Mtoto anayetaka kujua nane mara saba hana njia ila kukunja kidole kimoja kwa kila jibu hadi afike kidole cha saba. Hilo lingevumilika kama isingekuwa jibu la tano. Neno "arobaini" likisimama peke yake ni fupi kuliko "thelathini na mbili" linalolitangulia na "arobaini na nane" linalolifuata, na ili pengo lijae, waimbaji wamelirudia: "arobaini, arobaini!"

Mwanangu alikunja vidole viwili hapo. Kidole cha tano arobaini, cha sita arobaini, cha saba arobaini na nane. Nilipomuuliza jioni moja nane mara saba ni ngapi, alijibu arobaini na nane bila kusita. Nilipogeuza na kumuuliza saba mara nane, akajibu hamsini na sita, kwa uhakika uleule. Nilidhani anabahatisha, nikamkemea, na kukemea huko kunaniuma hadi leo. Baadaye nilichukua daftari lake la mazoezi nikaona kwamba nane zote hadi mara tano zilikuwa sahihi, na kuanzia mara sita kila jibu lilikuwa nyuma kwa hatua moja: mara sita arobaini, mara nane hamsini na sita, mara tisa sitini na nne. Mtoto anayebahatisha hakosei kwa mpangilio wa namna hiyo. Alikuwa ameufuata wimbo kwa uaminifu kabisa, na wimbo ndio uliompotosha.

Nilirudi dukani na daftari mkononi. Muuzaji hakulitazama. Aliniambia, "Mama, huu ni wimbo wa kuimba, si wa kuhesabia vidole. Wenzake wanaelewa, wako ndiye mzito." Aliyasema hayo mtoto akiwa amesimama pembeni yangu, ameshika sketi yangu. Niliondoka bila kudai fedha zangu kwa kuwa nilihofia maneno ambayo yangenitoka.

Kwa siku nyingi niliwaambia wazazi wenzangu wasiununue wimbo huu kabisa. Sasa nalazimika kulegeza kauli hiyo, maana saba zake ni nzuri kuliko chochote nilichojaribu nyumbani. Lile pigo moja la kimya kabla ya jibu linampa mtoto nafasi ya kulitafuta mwenyewe, na binti yangu sasa analitamka kabla ya waimbaji. Tena aliyekwisha kushika saba hana mapya mengi katika nane: mara mbili hadi mara saba alishazikuta katika tebo zilizotangulia, zikabaki hasa nane mara nane, sitini na nne, na nane mara tisa, sabini na mbili. Waliotunga wangeweza kulipitia jambo hilo kwa utulivu, mdundo ukabaki uleule wa kurukaruka.

Sisi tumezifuta nane kwenye simu na tunaziimba wenyewe kwa mtindo wa saba, swali kwanza, kimya, kisha jibu, nami napiga meza badala ya ngoma. Pale kwenye arobaini tunapiga makofi mawili bila kutamka neno. Ilituchukua kama wiki mbili kuondoa kosa lile, na mpaka sasa akiulizwa nane mara sita hutazama kwanza mkono wake.

Wakiurekebisha mstari ule nitaununua tena, ila si katika duka lile.