Mkono wa kuflashi choo Lamu: upi ununue, upi uuache dukani

Kabla hujatoa pesa, fungua kifuniko cha tangi utazame ndani huku ukibonyeza mkono. Mara nyingi mkono unaoning'inia haujafa, ni nati tu iliyolegea. Nati hiyo iko ndani ya tangi na imekatwa kinyume na nati za kawaida: ukiitazama kutoka ndani, hukaza ikizungushwa kushoto. Anayeizungusha kulia huzidi kuilegeza, halafu huenda dukani kununua kitu asichohitaji. Kaza kwa vidole, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha, kauri hupasuka, na hapo utanunua tangi zima.

Ikiwa nati imekaza lakini mkono unazunguka na fimbo ya ndani haisogei, kiungo kimekatika, nunua mpya. Fimbo ikipanda lakini flapa, ule mpira unaoziba tundu la chini, isiinuke, basi kasoro iko kwenye mnyororo unaounganisha fimbo na flapa.

Kwa Lamu naanza na mkono wenye fimbo ya shaba ya njano na nati ya plastiki. Hewa yetu ina chumvi, na nyumba nyingi za mji wa kale hujaza tangi kwa maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Shaba hubadilika rangi tu, haioziki upesi. Nati ya plastiki ni muhimu vilevile: ya chuma hushika kutu ikang'ang'ania, ukaja kuikata kwa msumeno ndani ya tangi finyu. Ni ghali kuliko wenzake, lakini ndio nitakaokwambia ununue ikiwa nyumba ni yako.

Wa pili ni wa plastiki nene. Kutu hauujui kabisa, na bei yake ni nafuu. Ila fimbo hupinda: flapa ikiwa kubwa au ngumu, unabonyeza hadi mwisho na mpira unainuka nusu tu, maji yanatoka kidogo. Shika fimbo dukani uipinde kwa kidole gumba. Ikilegea kama jani la mnazi, irudishe.

Wa mwisho, hata kama ndio unaong'aa kuliko wote, ni ule wa madini ya zinki uliopakwa kromu. Kromu ikichubuka, chumvi huingia, na fimbo hukatika pale inapoingia kwenye mkono. Sumaku haitakusaidia kuutambua, maana haishiki zinki wala shaba. Kwaruza kidogo sehemu iliyofichika: ukiona njano ni shaba, ukiona kijivu ni zinki. Muuza duka akikataa ukwaruze, hilo nalo ni jibu.

Bibi mmoja wa Langoni aliletewa huo unaong'aa na mjukuu wake. Haukumaliza mwaka, fimbo ilikatika shingoni, unga mweupe umejaa kwenye jeraha. Mjukuu akarudi na wa shaba, safari hii mzuri, lakini wa tundu la mbele. Tangi la bibi lina tundu la ubavuni, kwa hiyo fimbo iligonga boya na haikuweza kupanda. "Mwanangu, si ungechukua ule mbovu ukaenda nao?" bibi akamuuliza. Ndivyo inavyofaa: nenda na mkono wa zamani, au piga picha ya ndani ya tangi kwa simu. Wa mbele huwa na fimbo iliyonyooka sambamba na ukuta wa tangi, wa ubavuni fimbo yake hutoka moja kwa moja kuelekea katikati.

Na ukikuta hamna mpira chini, bali kengele kubwa ya plastiki iliyounganishwa na fimbo kwa kulabu, hilo ni tangi la saifoni. Linahitaji nguvu zaidi kuinua, kwa hiyo mkono wa plastiki usiujaribu.

Mnyororo ni rahisi zaidi. Wa stenlesi ndio bora. Ule wa shanga ndogo za chuma kilichopakwa rangi, hapa sumaku inafaa: ikiushika kwa nguvu, uache, kutu utaukata. Ukikosa wa stenlesi, mshipi mnene wa kuvulia unatosha sana; kila mvuvi anajua fundo lisiloteleza. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuurefusha wala kuufupisha bila kufunga upya.

Ukishaufunga, flapa ikiwa imekaa chini, acha ulegevu wa sentimita 1 hivi. Ukiwa mrefu, itabidi ushikilie mkono hadi maji yaishe, na ncha inaweza kuingia chini ya mpira. Ukiwa mfupi, mpira hauketi vizuri na maji huvuja usiku kucha. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, ungoje nusu saa bila kuflashi: rangi ikionekana kwenye bakuli, rudi ulegeze pingili moja.