Maswali manane ya kukagua mstari wa Biblia uliotafsiriwa na mashine: uzoefu wangu

Orodha yenyewe ni karatasi moja, upande mmoja, yenye maswali manane. Imetungwa kwa wakaguzi wanaopokea rasimu ya Kiswahili kutoka kwenye mashine na kutakiwa kuamua kama mstari upite au urudi. Nimeitumia kwa mistari ya Injili na Zaburi. Maswali matatu ya kwanza ni mazuri mno, ya katikati ni ya kawaida, na swali la saba, ambalo wengi hulitegemea kuliko yote, ndilo linalopitisha makosa mabaya zaidi. Nitaeleza kwa mstari mmoja, Luka 22:31 pamoja na mwanzo wa 32, kwa sababu karibu kila ugonjwa wa tafsiri ya mashine unaonekana humo.

Rasimu ya mashine ni ya namna hii: “Simoni, Simoni, Shetani amekuomba akupepete kama ngano. Lakini nimekuombea wewe, Simoni, ili imani yako isifeli.”

Ukiisoma haraka utaipitisha. Sarufi haina kasoro ya wazi na maneno yote yanajulikana. Ndiyo maana swali la kwanza la orodha halihusu Kiswahili kabisa. Linauliza: mashine imesoma maandishi gani? Unatakiwa kuandika jawabu kabla ya kuigusa rasimu: lugha gani, toleo gani, la mwaka gani. Wengi huliruka kwa kuliona la kikarani, kumbe bila hilo huwezi kujua kipi kimeongezwa na kipi kimeachwa. Chukua maneno “Bwana akasema” mwanzoni mwa mstari huu. Tafsiri ya Kiingereza ya Mfalme Yakobo ya 1611 inayo, kwa kuwa ilifuata maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa nayo. Matoleo ya Kigiriki yanayotumiwa na watafsiri wengi leo hayana. Mashine iliyolishwa Kiingereza cha zamani ikiandika “Bwana akasema”, haijabuni kitu, imefuata ilichopewa. Iliyolishwa toleo jipya ikiyaandika, hapo imeongeza.

Vivyo hivyo na “Simoni” wa tatu katika rasimu yetu. Kigiriki cha mstari wa 32 hakimtaji. Hata hivyo kosa si la mashine: ziko tafsiri za Kiingereza zilizomwingiza makusudi, na sababu yake inatupeleka kwenye swali la pili.

Swali la pili: anaambiwa mmoja au wengi? Hapa ndipo orodha inapolipa gharama yake. Kigiriki cha mstari wa 31 kinasema Shetani amewataka “humas”, yaani ninyi, wanafunzi wote mezani. Mstari wa 32 unageuka ghafla: nimeomba kwa ajili ya “su”, yaani wewe, Simoni peke yako. Maana nzima ya maneno haya iko katika huko kugeuka. Hatari ni ya wote, dua imemwendea mmoja, na mwisho wa mstari huyo mmoja anaagizwa kuwaimarisha ndugu zake. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, kwa hiyo kugeuka huko kunapotea. Baadhi ya watafsiri wao waliona pengo, wakalitia kiraka kwa kurudia jina la Simoni au kuongeza “nyote”. Kiswahili hakihitaji kiraka. Tuna wewe na ninyi tangu zamani, lakini mashine iliyopitia Kiingereza haioni cha kugawanya, na mara nyingi huangukia umoja, hasa jina la mtu mmoja likiwa limetajwa mwanzoni. Hivyo “ninyi” ya Luka imekuwa “-ku-”, na wanafunzi wengine wameondolewa mezani.

Usidhani ukibadili “-ku-” kuwa “-wa-” umemaliza. “Shetani amewataka” kwa Kiswahili ni ninyi au ni wao? Kiambishi ni kilekile. Msomaji anaweza kudhani Shetani anawataka watu wengine wasiokuwapo. Ndiyo sababu tafsiri ya Union Version ya 1952 inaweka “ninyi” waziwazi baada ya kitenzi. Karatasi haisemi hili. Inasema tu “hakikisha umoja na wingi”, na mkaguzi mgeni atatosheka na “-wa-”. Pembeni pa swali hilo inafaa kuandika: penye “-wa-” yenye utata, taja “ninyi”, au tumia “-ni” ya mwishoni kama katika “nawaambieni”.

Swali la tatu linakutaka ukivunje kila kitenzi vipande vyake na kusoma kila kipande peke yake. Linachosha, na watu hulikimbia, lakini hakuna chombo kingine kitakachokuonyesha kosa lililo ndani ya “amekuomba”. A-me-ku-omba: Shetani amekuomba wewe. Yaani amekuja kwa Simoni kumwomba ruhusa ya kumpepeta! Kigiriki hakisemi hivyo. Kinasema amewadai, ametaka akabidhiwe. Hakusema na Simoni hata kidogo. Mashine imeona kitenzi cha kuomba na mtendwa karibu yake, ikavibandika pamoja. “Ameomba awapepete ninyi” ingeponyoka, na “amewataka ninyi” ni bora zaidi kwa sababu inabeba lile dai.

Linganisha na “nimekuombea” ya sentensi ya pili. Safari hii mashine imepatia, na iliyopatia ni herufi moja: “e” ya kutendea. Ikidondoka unabaki na “nimekuomba”, na Yesu anageuka kuwa mtu anayemsihi Petro. Katika mistari ya sala, herufi hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza.

Kuhusu msamiati, swali la nne, sina mengi. “Isifeli” ni neno la mtihani. Kitenzi cha Kigiriki kinahusu kitu kinachoishia, kama akiba inavyokwisha ndani ya nyumba, kwa hiyo “isiishe” au “isikome” yanatosha, na “isitindike” ya Union Version ni sahihi ijapokuwa vijana hawaitumii tena. Orodha inataka pia uweke alama kwenye “pepeta”, kwa hoja kwamba Kigiriki kinataja kuchekecha kwa chekecheke wala si kupepeta kwa ungo. Hapa nadhani imevuka mpaka. Tofauti ipo kweli: ungo unarusha ili makapi yapeperuke, chekecheke inatikisa. Lakini picha ya kutikiswa na kutenganishwa inabaki, na masikio yameshaizoea. Niliandika “si kosa” nikaendelea.

Swali la tano ni la saa, na linahitajika kuliko linavyoonekana. Luka na Marko walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama sisi. Marko 15:25 kwa Kigiriki ni saa ya tatu, na kwa Kiswahili ni saa tatu, hakuna hesabu ya kufanya. Lakini Kiingereza cha kisasa hubadilisha kuwa saa tisa ya kizungu, kisha mashine huihamisha namba ilivyo: “ilikuwa saa tisa asubuhi walipomsulubisha”. Ukifika Luka 23:44, adhuhuri inabaki salama, lakini mwisho wa giza unageuka “saa tatu alasiri” badala ya saa tisa. Kanuni inayofaa ni rahisi: ukikutana na saa yoyote, rudi kwenye Kigiriki kwanza. Namba ya Kigiriki na ya Kiswahili zikitofautiana, mashine imepita Ulaya njiani.

La sita ni upatanisho wa ngeli pale neno la kitu linaposimama badala ya nafsi. Mfano mmoja unatosha. Katika Yohana 1:1, mashine inayofuata sarufi ya darasani itaandika “Neno lilikuwa kwa Mungu”. Union Version inasema “naye Neno alikuwako kwa Mungu”. Hiyo “a-” si uzembe wa sarufi. Ni uamuzi kwamba Neno ni nafsi, na mstari wa 14 unautegemea. Ndivyo ilivyo pia kati ya “Roho Mtakatifu” na “roho takatifu”: madhehebu yametofautiana hapo, kwa hiyo mkaguzi asisahihishe kwa sikio lake. Aulize mradi umeamua nini, kisha aangalie kama mashine imeshika uamuzi huo kutoka mstari hadi mstari, kwa maana tabia yake ni kuruka huku na huku.

Sasa swali la saba, ambalo lina ugomvi na mimi. Linasema: irudishe rasimu kwa Kiingereza ukitumia mashine nyingine, ulinganishe na chanzo. Jaribu kwa rasimu yetu. “Akupepete” inarudi ikiwa na lile neno moja la Kiingereza lisilojua mmoja wala wengi, na inalingana na chanzo neno kwa neno. “Saa tisa asubuhi” nayo mara nyingi hurudi kama saa tisa ya kizungu, kwa sababu mashine ya pili inaisoma namba vilevile ilivyoandikwa na ya kwanza. Makosa mawili makubwa kuliko yote yanapata cheti cha usafi. Kurudisha tafsiri kunafaa, ila si kwa lugha iliyosababisha kosa. Mpe mtu anayejua Kirundi, Kikuyu au Luganda aieleze kwa lugha yake bila kuonyeshwa chanzo. Lugha hizo zinatenganisha wewe na ninyi, kwa hiyo atalazimika kuchagua, na uchaguzi wake utakuambia rasimu inasema nini hasa. Kwa wakaguzi wa Kongo, Kifaransa kinasaidia kwa sababu hiyohiyo.

Swali la nane ni kusoma kwa sauti kwa mtu ambaye hana maandishi mbele yake, kisha kumuuliza maswali mawili: Shetani anamtaka nani, na Yesu amemwombea nani? Kwa rasimu ya mashine jibu litakuwa Simoni mara zote mbili. Dakika mbili tu, na kosa la swali la pili linajitokeza lenyewe hata kama mkaguzi alilala.

Kuna kitu kimoja karatasi haikiulizi kabisa. Mashine nyingi zimekwisha kuiona Biblia ya Kiswahili mtandaoni, na mistari maarufu huirudisha kwa kukumbuka badala ya kutafsiri. Rasimu ya namna hiyo itapita maswali yote manane, na itakudanganya kuhusu mistari isiyojulikana sana. Dalili yake ni lahaja mbili katika sentensi moja: “isitindike” ikikaa jirani na “isifeli”, au “naye Neno” kando ya “lilikuwa”. Ninapoiona, naacha mistari inayokaririwa na kuipa mashine mstari kutoka orodha za Hesabu au salamu za Warumi 16, kisha naanza tena swali la kwanza.

Mstari wetu ulitoka hivi: “Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi awapepete kama ngano, lakini mimi nimekuombea wewe, imani yako isiishe.” Kazi ilichukua kama dakika ishirini, na zaidi ya nusu yake ilikwenda kwenye swali la tatu.