Nililipia maandishi, yakanidanganya neno moja

Niseme mapema kwamba podikasti yenyewe bado naisikiliza. Ninaandika na hasira, na hasira yangu ni ya yale maandishi ya kinachosemwa kwenye vipindi vyake, ninayoyalipia kila mwezi, kwa sababu sauti ni bure. Mnaojifunza Kiingereza kwa njia hii mnisikilize, halafu mkatafute wenyewe cha kufanya.

Niko Mikindani, mapokezi, kwenye nyumba ndogo ya wageni. Kiingereza changu ni cha darasani. Barua pepe naijibu bila wasiwasi, mgeni akisimama mbele yangu tunaelewana kwa maneno na mikono. Simu ndiyo adui. Simu haina mikono wala uso, na mtandao wetu huku mnaujua. Ndiyo maana nikatafuta vipindi vyenye maandishi, nizoeze sikio.

Mwanzoni nilikosea kama wengi wanavyokosea: nilifungua maandishi na sauti kwa pamoja. Ukifanya hivyo macho ndiyo yanayosikia. Unafika mwisho wa kipindi umefurahi, umeelewa kila kitu, kumbe umesoma tu. Niliishi na uongo huo karibu msimu mzima wa korosho.

Baadaye nikabadili utaratibu. Mara ya kwanza nasikiliza kipindi kizima maandishi yakiwa yamefungwa, hata kama nimepotea katikati sirudishi nyuma. Kikiisha naandika kwenye daftari mistari mitatu kwa Kiswahili: nani anaongea, anataka nini, amefurahi au amekasirika. Basi. Mara ya pili nasikiliza vipande, natafuta sababu, bei, siku. Mara ya tatu nachagua dakika moja tu, nasimamisha kila sentensi na kuandika nilichosikia neno kwa neno, hata kama ni upuuzi. Hapo ndipo maandishi yanafunguliwa, na kalamu mbili zinatoka.

Kalamu ya bluu ni ya neno nisilolijua. Hilo halina lawama, ni la kamusi. Kalamu nyekundu ni ya neno ninalolijua tangu darasa la tano lakini sikulisikia. Nyekundu ndiyo somo. Nilipoanza nilidhani tatizo langu ni msamiati, lakini daftari lilikuwa jekundu kama limemwagikiwa mchuzi wa pilipili. Sisi Kiswahili chetu kila silabi inapewa haki yake, hata ile ya mwisho inasikika. Wenzetu wanabana silabi moja na nyingine wanazimeza. Kile kineno cha kuweza, "can", nimekifahamu miaka yote kama "kan". Wanapoongea hakibaki "kan", kinakuwa "kn", pumzi tu kati ya maneno mawili. Na kupunguza kasi ya sauti, ile alama ya 0.75x, hakusaidii hapo. Kilichomezwa hakitapikwi kwa sababu umekivuta polepole.

Sasa tuje kwenye kilichonitoa roho.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha mama mmoja Mmarekani mwenye vibanda vya kupangisha ziwani. Nikakipenda maana ni kazi yangu ileile. Usikilizaji wa kwanza, daftari langu, nalinukuu kama lilivyo: "Mama analalamika. Watu wanashika chumba halafu hawafiki. Anataka hela kabla." Safi kabisa. Nikaenda hadi dakika niliyoichagua. Sentensi mbili zikafuatana, na mimi nikaandika:

"We can't hold it without a deposit. People book and never show up."

Yaani hawawezi kukishikilia chumba bila malipo ya awali, maana watu huweka nafasi halafu hawatokei. Nikafungua maandishi. Maandishi yakasema:

"We can hold it without a deposit. People book and never show up."

Wanaweza. Nikatazama karatasi yangu, nikatazama simu. Nani mimi? Maandishi ni yao, lugha ni yao. Nikachukua kalamu nyekundu nikajikosoa. Halafu, na hapa ndipo ninapojiona mjinga hadi leo, nikairudia sentensi ile zaidi ya mara ishirini, usiku, hedifoni masikioni, mpaka sikio likakubali. Mpaka nikasikia "can" waziwazi.

Mnaona nilichokuwa nakifanya? Nilikuwa nalizoeza sikio zima kusikia kinyume.

Hili neno lina mtego maalumu kwetu. Shuleni tulifundishwa la Kiingereza cha Uingereza, "kaant", na ile "a" ndefu, huwezi kulikosa. Mmarekani hana hiyo "a" ndefu. Lake linakaa kati ya "kant" na "kent", na mara nyingi ile "t" ya mwisho haitoki, inakatwa kooni. Kwa hiyo "hawezi" ya Mmarekani inafanana sana na "anaweza" tuliyofundishwa na mwalimu. Tofauti haiko kwenye "t". Tofauti ni mkazo: linalokubali linapita haraka, "kn", na nguvu inaangukia kitenzi kinachofuata, linalokataa linasimama lenyewe, limejaa, lina uzito wake. Halafu sisi ukanushaji wetu unatangulia. "Si", "ha", "hatu", kabla hata ya kitenzi umeshajua umenyimwa. Wao wanauweka mwishoni, kisha wanaumeza.

Wiki chache baadaye simu ikalia. Mgeni, Mmarekani, alikuwa ameshika chumba cha Ijumaa. Akasema kitu ambacho nilikisikia hivi: "I can make it Friday." Anaweza kufika Ijumaa. Kwa "a" iliyojaa kabisa, kama yule mama wa ziwani. Nikamjibu kwa furaha, karibu sana, Ijumaa. Akanyamaza kidogo, akaanza kusema tena, mtandao ukakata. Nikafunga daftari la wageni nikiwa najisikia mkalimani.

Ijumaa hiyo mjini kulikuwa na shughuli, watu walimiminika hadi kwetu. Nikawarudisha wageni wawili waliokuja na bajaji kutoka Mtwara mjini, pesa mkononi, kwa sababu chumba "kina mtu". Saa tatu usiku hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu. Bi mkubwa akatoka jikoni na khanga yake begani, akasoma barua pepe kwenye simu ya ofisi ambayo mimi sikuwa nimeifungua tangu mchana. Mgeni anauliza mbona hatujathibitisha, maana alishatuambia kwa simu kwamba Ijumaa hawezi.

"Wewe si ndiye unayevaa vidude masikioni usiku kucha?" akaniuliza. "Unasikiliza nini humo?"

Sikuwa na jibu. Hela ya usiku ule ilikatwa kwangu, na sikubishana.

Nilirudi kwenye kipindi kile kesho yake, safari hii sikufungua maandishi. Nikasoma daftari langu mwenyewe, ile mistari mitatu. "Anataka hela kabla." Mama anayetaka hela kabla hawezi kusema katika sentensi inayofuata kwamba chumba kinashikwa bila hela. Jibu lilikuwa kwenye karatasi yangu tangu usikilizaji wa kwanza, na mimi nikalifuta kwa sababu ya neno moja la kwenye kioo. Maana ya jumla ilikuwa sahihi, undani ndio uliopotoka, na mimi nikaamini undani kwa kuwa umechapwa.

Nikawaandikia. Kwa adabu, nikataja dakika na sekunde, nikaeleza kwamba neno limegeuza maana. Jibu likaja la mistari miwili: maandishi ni nyongeza kwa urahisi wa msikilizaji, si lazima yalingane na sauti, asante kwa kusikiliza. Nyongeza! Ndicho kitu pekee ninachokilipia! Sauti mnatoa bure, mnaniuzia nyongeza, nyongeza ikinipotosha mnaniambia ni nyongeza. Nilitaka kufuta malipo saa hiyohiyo.

Nikaanza kuchunguza vipindi vingine vyao, na hili ndilo naweza kuwaachia. Maandishi yaliyotolewa na mashine bila mtu kuyapitia yanajitambulisha: majina ya watu na miji yameharibika, waongeaji wawili wamechanganywa kama mtu mmoja, na penye kelele au kicheko kuna sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Yale yaliyosafishwa na mhariri yana kasoro ya pili: hayana kigugumizi, hayana neno lililoanzwa likaachwa, yamenyooka kuliko binadamu anavyoongea. Ukiandika neno kwa neno kutoka kwenye sauti halafu ukajisahihisha kwa hayo, utajipa nyekundu ambazo si zako. Yao nimekuta yamechanganyika, kipindi hiki mtu, kile mashine, na hawasemi lipi ni lipi.

Wengine wanasema. 6 Minute English ya BBC, ambayo ni bure na maandishi yake ni bure, inaandika juu kabisa ya karatasi: "This is not a word-for-word transcript." Mtu ameambiwa mlangoni. Ila mle utasikia zaidi Kiingereza cha Uingereza, "kaant" ya mwalimu wangu, na wanaonipigia simu mimi wengi si wa huko. Kwa hiyo hainitoshi.

Sasa nifanyeje? Hawa walioniudhi wana waongeaji wa kweli, wanaokatizana, wanaocheka, wanaomeza, kama simu zangu. Sijapata wengine wenye sauti ya namna hiyo. Nyota mbili. Hapana, tatu, kwa sababu ya sauti. Na nikikumbuka kwamba sikio langu lilikuwa sahihi mara ya kwanza, kabla hawajalipotosha, najua ni vipindi vyao hivyohivyo vilivyolifikisha hapo, na hilo linanikera zaidi.

Nimeongeza kalamu ya kijani. Ni ya mahali ambapo mimi na maandishi tunapingana na mistari yangu mitatu iko upande wangu. Hapo sijikosoi mpaka nisikilize sentensi ya kabla na ya baada. Kipindi cha juzi kilikuwa na kijani mbili. Moja nilikuwa nimekosea mimi.

Malipo ya mwezi huu nimeshayafanya. Na nikishusha simu ya mgeni siku hizi, kabla sijafungua daftari, sauti inatoka jikoni: "Anaweza au hawezi?" Kila simu. Hata ya muuza samaki.