Penseli iliyopinda ndani ya maji: nimejaribu vyombo vitatu, kimoja tu kinasema kweli

Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna vyombo vitatu na penseli moja ya rangi nyekundu. Cha kwanza ni glasi ya maji ya kawaida, ya duara, kuta zake zimenyooka na hazina maua. Cha pili ni glasi nene yenye mistari ubavuni, zile zinazopendwa sana sebuleni. Cha tatu ni kopo la plastiki la pembe nne la kuhifadhia chakula, lile angavu kabisa, la kuona mpaka upande wa pili. Mwalimu au mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto kwa nini penseli huonekana imepinda ndani ya maji anunue kipi? Utadhani vyote ni sawa tu. Havifanani hata kidogo, na kimoja wapo kitamfundisha mtoto jambo tofauti na lile ulilokusudia.

Glasi yenye mistari niiondoe mezani mapema. Tazameni hapa, nimeweka penseli ndani, bado hata maji sijamimina, na tayari inaonekana vipande vipande. Kila mstari wa kioo unapindisha mwanga kivyake. Kwa juisi ni glasi nzuri sana, kwa somo hili haifai. Pembeni.

Sasa glasi ya duara. Namimina maji mpaka robo tatu, naacha mapovu yaishe, kisha nashusha penseli wima, katikati kabisa. Kamera iko usawa wa maji, inatazama ubavuni. Mnaona kitu gani? Haijapinda! Imenenepa tu. Sehemu iliyo juu ya maji ina upana wake wa kawaida, ya ndani ya maji imeongezeka kama theluthi moja.

Sasa naisogeza kulia taratibu, bado iko wima. Hapo hapo inakatika pale usawa wa maji. Kipande cha chini kimeruka kulia zaidi kuliko cha juu. Penseli ikiwa imetoka katikati kwa sentimita 1.5, cha chini kinaonekana kama kiko sentimita 2, kwa hiyo kati ya vipande viwili kuna pengo la nusu sentimita. Nikiipeleka kushoto, kinarukia kushoto. Nikiirudisha katikati na kuisukuma nyuma mpaka iguse ukuta wa mbali, upana wake unakuwa karibu mara mbili. Nikiivuta mbele hadi ukuta wa karibu na kamera, inarudi wembamba wake wa kawaida.

Hiki tunachokiona hapa si kazi ya uso wa maji. Ni kazi ya ubavu wa glasi. Maji yaliyojaa ndani ya duara yamekuwa lenzi, kama kioo cha kukuzia maandishi, ila hii inakuza kwa upana tu, urefu haiugusi. Ukitaka uthibitisho, chora mshale kwenye karatasi, uweke nyuma ya glasi. Ukiigusisha karatasi kwenye ukuta wa nyuma, mshale ni mkubwa lakini unaelekea upande wake. Anza kuirudisha nyuma pole pole. Kwa glasi yenye kipenyo cha sentimita 7, ukipita sentimita 3 na nusu hivi utaona mshale umegeuka, wa kulia unaelekea kushoto. Watoto hapo hupiga kelele, na mimi sitamlaumu yeyote.

Kwa hiyo picha ile maarufu ya penseli iliyokatika, inayopigwa ubavuni mwa glasi ya duara, ni ya kweli, mwanga umepinda kweli. Shida ni maelezo yanayowekwa chini yake. Utakuta yanazungumzia uso wa maji, wakati mwanga uliofika kwenye kamera haukutokea juu kabisa, umepitia ubavuni.

Twende kwenye kopo la pembe nne, maana hapa ndipo somo lilipo. Kina cha maji ni sentimita 12. Penseli naiegemeza kona, imelala kimshazari, kichwa kiko nje na ncha imegusa chini. Kamera naipandisha juu, inaangalia kwa kuinama kupitia uso wa maji wenyewe, na penseli iko kwa ubavu mbele yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Ebu tazama. Penseli imekunjika pale pale inapoingia majini, na kipande cha ndani kimeinuka, kimelala zaidi kuliko cha nje. Ukikuta mchoro unaoonyesha kipande cha ndani kimeinama kuelekea chini, jua aliyeuchora hakuweka penseli majini.

Inakuwaje? Tuifuate ncha peke yake. Ncha hiyo inarudisha mwanga kila upande, na sehemu ya mwanga huo inapanda kuja kwenye jicho lako. Ndani ya maji mwanga unakwenda karibu kilomita 225,000 kwa sekunde. Ukitoka majini kuingia hewani unaongeza kasi hadi karibu 300,000. Gawanya kubwa kwa ndogo, unapata 1.33, na hiyo ndiyo namba ya maji. Mwanga ukitoka wima kabisa, kasi inabadilika lakini njia haipindi. Ukitoka kimshazari, unapinda. Fikiria mkokoteni unaotoka kwenye mchanga kupanda lami kwa kukata pembe. Gurudumu moja linawahi lami na kukimbia, la pili bado linavutana na mchanga, mkokoteni wote unageuka. Mwanga unaotoka majini unageuka hivyo hivyo, unalala zaidi kuelekea uso wa maji.

Ulale kiasi gani? Hapo kuna kanuni, na ni fupi:

```
1.33 × sin(pembe ndani ya maji) = sin(pembe kwenye hewa)
```

Pembe zote mbili zinapimwa kutoka mstari wima, si kutoka uso wa maji. Hapa ndipo wanafunzi hujikwaa, wanapima kutoka kwenye uso wa maji halafu wanalaumu kanuni. Mwanahisabati Ibn Sahl aliiandika huko Baghdad mwaka 984 hivi, akishughulika na lenzi. Huko Ulaya kanuni hii inapewa jina la Snell, Mholanzi aliyeifikia mwaka 1621.

Tufanye hesabu ya kopo letu. Mwanga umetoka kwenye ncha ukiwa na pembe ya nyuzi 30. Sini ya 30 ni 0.5, zidisha kwa 1.33, unapata kama 0.67, na hiyo ni sini ya nyuzi 42 hivi. Basi mwanga uliopanda kwa nyuzi 30 umefika kwenye jicho ukiwa na nyuzi 42. Jicho halina habari kwamba njiani kulikuwa na kona. Linachukua mwanga ulivyoingia, linarudisha mstari ulionyooka hadi ndani ya maji, na linaiona ncha kwenye mstari huo. Ukichora mstari huo kwenye karatasi, ncha iliyo kina cha sentimita 12 inaangukia kama sentimita 8 chini ya uso. Imepandishwa karibu sentimita 4! Ukitazama kutoka juu moja kwa moja, inapandishwa kwa kiasi kidogo kuliko hapo: 12 gawanya kwa 1.33, inaonekana sentimita 9 chini ya uso. Kadiri unavyolaza kichwa chako pembeni, ndivyo maji yanavyoonekana mafupi.

Sasa ukiacha ncha, chukua nukta iliyo katikati ya sehemu iliyozama. Iko kina cha sentimita 6, inaonekana kwenye 4. Nukta iliyo kwenye uso wa maji haina kina, hivyo haipandi kabisa. Kila nukta imepanda kulingana na kina chake. Ziunganishe zote, unapata penseli iliyokunjika pale kwenye uso wa maji, wala si mahali pengine.

Kuna mtu ataniambia hapa kwamba ni macho yetu yanatudanganya. Hapana. Mnachokitazama kimepita kwenye kamera, na kamera haina ubongo. Mwanga wenyewe umefika ukiwa umepinda. Jicho linaingia lawama kwa kudhani tu kwamba ulikuja umenyooka.

Na hapa ndipo kopo la pembe nne linapoizidi glasi. Likitazamwa ubavuni uso kwa uso, ukuta wake bapa hauleti lenzi. Penseli inabaki na mstari mmoja, haikatiki, ila inasogea karibu kidogo. Ukihamisha kichwa kushoto ndipo vipande vinaachana. Kwa maneno mengine, kopo linakuwezesha kuutenganisha uso wa maji na ubavu, uuchunguze kila mmoja peke yake. Glasi ya duara inavikoroga vyote pamoja, mtoto anabaki na mshangao bila kujua umetoka wapi.

Jaribio likikukatalia nyumbani, angalia kwanza jinsi penseli ilivyokaa. Ikiwa wima, ukitazama kutoka juu haitapinda hata ukeshe, itafupika tu, kwa sababu kila nukta inapandishwa kwenye mstari ule ule wima. Lazima ilale, na wewe uitazame kwa ubavu. Maji yakiwa ya baridi sana ukuta unatokwa jasho la ukungu, tumia ya kawaida. Na kopo lisiwe lile lenye weupe wa maziwa. Nilichukua mojawapo dukani bila kulifungua, nililazimika kulirudisha.

Hukumu yangu basi. Glasi yenye mistari, sifuri. Kopo la pembe nne ndilo la kununua kwa darasa. Glasi ya duara iacheni nyumbani kwa jaribio hili moja ambalo inalifanya vizuri kuliko kopo: jaza maji nusu, halafu juu yake mimina polepole mafuta ya kupikia, ya alizeti yanafaa. Namba ya mafuta ni kama 1.47, kubwa kuliko ya maji. Weka penseli wima, itoke katikati sentimita 1.5 kama mwanzo, tazama ubavuni. Juu hewani iko mahali pake. Ndani ya mafuta inarukia sentimita 2.2, ikiingia majini inarudi hadi 2. Penseli moja, imekatika mara mbili. Jaribuni pia maji yenye sukari nyingi badala ya mafuta, muandike hapo chini pengo mlilolipata. Na mafuta msiyamwage kwenye sinki, yachujeni, yapikieni chapati.